Hongera ya Bibi Si Hongera ya Mfanyakazi Mwenzako

Tuseme asubuhi ujumbe umeingia kwenye simu: "Tunamshukuru Mungu. Alfajiri ya leo tumejaliwa mtoto wa kike, kilo 2.9. Mama na mtoto wanaendelea vizuri." Wazazi ni vijana wa Morogoro na huyu ndiye mtoto wao wa kwanza. Waliopata habari ni bibi mzaa baba, wajomba, wafanyakazi wenzao na watu waliosoma nao miaka mingi iliyopita. Wote wamefurahi, ila si wote wanaopaswa kuandika maneno yaleyale.

Bibi anaweza kujibu, "Mke mwenza wangu kafika! Mwambieni babu asinisahau." Babu naye atamwita mtoto mchumba wake. Utani huo ni haki yao, na mama aliyechoka akiusoma atacheka. Uandikwe na mtu wa ofisini, maneno yaleyale yatakera, kwa sababu huyo hana utani na mtoto huyo. Mjomba atasema "mpwa wangu", na baba mdogo atasema "mwanangu", maana mtoto wa kaka yake ni wake. Ndugu akitaja undugu wake namna hiyo, mtoto anapokewa kwenye ukoo siku ileile.

Kisha ndugu wa karibu amgeukie mama. Hapa ndipo naona wengi wanapungukiwa: pongezi zote zinakwenda kwa mtoto na kwa baba, na aliyebeba mimba miezi tisa anatajwa kwa kupita tu. Shangazi anayejua wajibu wake huandika, "Pole na hongera, mwanangu. Kesho saa kumi jioni naleta mtori, na nguo za kufua nitaondoka nazo." Kuna siku, kuna saa, kuna kazi. "Mkihitaji chochote semeni" ni maneno mema, lakini yanamwachia mzazi mzigo wa kuomba, na mzazi wa siku ya kwanza haombi.

Mtu wa mbali asijaribu kumwiga shangazi. Yake ni mafupi: "Hongereni sana kwa kupata mtoto. Mungu awakuzie." Yanatosha kabisa. Waislamu wana dua ya kumpongeza mzazi yenye mambo manne: abarikiwe katika alichopewa, amshukuru Aliyempa, mtoto afikie utu uzima, na wazazi waupate wema wake. Uzuri wa dua hiyo ni kwamba inamfaa hata asiyejua lolote kuhusu nyumba hiyo. Haiulizi kitu.

Na swali ndilo linaloharibu pongezi nyingi za watu wa mbali. "Kajifungua kawaida au kwa upasuaji?" linamtaka mama aueleze mwili wake mbele ya kila anayesoma. "Sasa wa kiume lini?" linamfanya binti aliyezaliwa leo aonekane nusu ya furaha. Hili la pili hata ndugu wasiliandike. Ukiona pongezi yako inaishia na alama ya kuuliza, nawe si wa karibu, ifute alama hiyo pamoja na sentensi yake.

Tubadilishe sasa tangazo: "Tumepata mtoto wa kike wiki ya 32, kilo 1.6. Bado wako hospitali, tuombeeni." Huyu ni njiti, kwani amezaliwa kabla ya wiki 37, na huenda akakaa wodini kwa muda, akibebwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto. Hongera bado ni yao, maana mtoto kazaliwa. Kinachoondoka ni utani, "tunakuja kumwona", na visa vya njiti wa jirani, hata vilivyoisha vizuri. Wa mbali aandike, "Hongereni. Tunawaombea mama na mtoto nguvu kila siku." Wa karibu aulize jambo moja, tena kwa baba au dada wa mzazi na si kwa mzazi mwenyewe: chakula cha wodini nani anapeleka, na zamu ipi iko wazi. Tangazo linalomtaja mtoto na kumnyamazia mama nalo lisomwe kwa uangalifu huohuo.

Wapo pia wanaopata habari baada ya mwezi mzima. Kuchelewa si kosa, na maelezo marefu ya kuchelewa hayamsaidii mzazi. Ila kabla ya kutuma hongera iliyochelewa kiasi hicho, mpigie ndugu yao mmoja umuulize mtoto na mama wanaendeleaje. Ukiambiwa wazima, andika: "Habari njema nimezipata leo. Hongereni, Mungu awakuzie."