Umbo Moja la Askari, Funguzi Mbili

Mchezaji wa klabu aliyekariri ufunguzi wake kwa kawaida hukwama kwenye hatua ya sita au ya saba, mpinzani anapocheza kitu ambacho hakimo kitabuni. Hatua alizokwisha kucheza ni nzuri, ila hajui kila moja ilikuja kufanya kazi gani, na sasa dakika zinayoyoma.

Ndiyo maana wanaokuja kuniuliza wacheze ufunguzi gani nawaambia waanze na askari. Farasi na maaskofu huenda na kurudi, lakini askari akishasogea harudi nyuma. Umbo wanalojenga askari katika hatua tano za kwanza mara nyingi linadumu hadi katikati ya mchezo, nalo ndilo linalokuonyesha kete zako ziende wapi. Ukilielewa vizuri umbo moja, unaweza kulitumia ukiwa na kete nyeupe na pia ukiwa na nyeusi.

Umbo ninalopenda kuanza nalo linaitwa Karlsbad, kutokana na mashindano ya mwaka 1923 katika mji ambao leo ni Karlovy Vary, nchini Cheki. Kwa Nyeupe linapatikana hivi:

1.d4 d5 2.c4 e6 3.Nc3 Nf6 4.cxd5 exd5 5.Bg5 c6 6.e3

Sasa hesabu askari wa upande wa malkia. Nyeupe ina wawili, wa a na wa b. Nyeusi ina watatu, wa a, b na c. Aliye na wachache ndiye anayeshambulia, na hapo ndipo wengi wanaposhangaa. Nyeupe inaweka ngome b1, inasukuma askari hadi b4, kisha b5, ikilenga yule wa c6. Nyeusi ikinyamaza, Nyeupe inakula c6, Nyeusi inarudisha kwa askari wa b, na yule wa c6 anabaki nyuma, hana askari mwenzake wa kumlinda, huku safu ya c ikiwa wazi kwa ngome za Nyeupe. Nyeusi ikimla wa b5, basi wa d5 amebaki mpweke. Ikisogeza c5 ili kukwepa, Nyeupe inamla kwa askari wa d, na wa d5 anabaki mpweke vilevile. Njia zote tatu zinaacha kidonda cha kuuguzwa hadi mwisho wa mchezo. Anayelijua hili hahitaji kukariri ngome iende wapi baada ya hatua ya kumi.

Mpangilio wa hatua nao una sababu zake. Kwa nini askofu anatoka kwenda g5 kabla ya askari kusogea e3? Kwa sababu e3 ikitangulia, askofu huyo anafungiwa ndani nyuma ya askari wake mwenyewe. Na kwa nini e3 iwahi kabla ya farasi kwenda f3? Hapa mkaririji huteleza, maana hatua zote mbili zinaonekana za kawaida na yeye huzichanganya. Nyeusi inatamani kumtoa askofu wake wa c8 hadi f5, kwa kuwa askari wake wa c6 na d5 wamesimama kwenye miraba ya rangi ya askofu huyo na wanamzibia njia. Farasi wa Nyeupe akishakuwa f3, Nyeusi inacheza Bf5 na imeshatua mzigo wake. Lakini Nyeupe ikicheza e3 kwanza, Bf5 inajibiwa na Qf3. Malkia anamtisha askofu, askofu anarudi g6, kisha Nyeupe inamla farasi wa f6. Malkia wa Nyeusi akirudisha, Nyeupe inabadilishana malkia, na Nyeusi inabaki na askari wawili waliorundikana kwenye safu ya f. Farasi angekuwa f3, malkia asingepata nafasi hiyo. Ukilishika hilo, huwezi tena kusahau kipi kinatangulia.

Nyeusi nayo haikai ikisubiri. Farasi wake analenga e4, na kete zake nyingine zinageukia kwa mfalme wa Nyeupe. Pia inaweza kusogeza b5 yenyewe, kuuziba mpango mzima. Hatua hiyo inamwacha askari wa c6 nyuma, na inafaa pale tu farasi wa Nyeusi anapoweza kufika c4, ambako anaifunika safu ya c na kuuficha udhaifu huo. Kwa hiyo, kabla ya kusukuma b5, Nyeupe iangalie farasi wote wawili wa Nyeusi wako wapi. Wakiwa karibu na mfalme wako nawe hujamweka mlinzi, ushindi wa askari wa c6 utakuja ukiwa umechelewa.

Sasa geuza ubao. Ukiwa na nyeusi, jibu 1.e4 kwa c6, yaani ufunguzi wa Karo-Kan. Baada ya 2.d4 d5 3.exd5 cxd5 umbo ni lilelile, ila safari hii ni wewe mwenye wachache upande wa malkia. Ngome yako inakwenda b8, askari wako wanakwenda b5 na b4. Na kanuni ya askofu inabaki vilevile: mtoe wa c8 kabla ya kusogeza e6, mara nyingi hadi g4.

Kanuni hiyo ikivunjwa, hata bingwa anaumia. Mwaka 1970 mjini Belgradi, katika pambano la Muungano wa Kisovyeti dhidi ya Wachezaji wa Dunia Iliyosalia, Bobi Fisha alikutana na Tigrani Petrosiani katika umbo hili. Petrosiani alimtoa askofu hadi g4. Fisha akampeleka malkia b3, akimtisha askari wa b7 ambaye askofu alikuwa ameacha kumlinda. Leo wengi hujibu kwa kumleta malkia d7, na askofu anabaki nje. Petrosiani alisogeza farasi a5, malkia akatoa shaha kutoka a4, askofu akarudi d7, na punde Nyeusi ikacheza e6. Askofu akawa amefungiwa. Tumaini lake lilikuwa kutokea b5 ili abadilishwe na mwenzake wa Nyeupe, Fisha akauziba mlango huo kwa kusogeza askari wa a hadi a4. Kisha akapeleka farasi e5, akamtegemeza kwa askari wa f4, na akashinda kwa mashambulizi upande wa mfalme.

Umbo hili lina mipaka yake. Mpinzani wa Karo-Kan anaweza kusukuma e5 kwenye hatua ya tatu. Hapo unatoka Bf5, kisha e6 na c5, na kazi yako ni kuushambulia mzizi wa d4. Ila akija na 4.Nc3 e6 5.g4, mambo yanakuwa makali, na hatua chache huna budi kuzikariri. Ufunguzi kama Joka wa Sisilia ni wa namna hiyo karibu wote, maana hatua moja isiyo sahihi inaweza kukugharimu mfalme. Kwa mchezaji mwenye saa chache kwa wiki, mimi nausema waziwazi: uache kwanza.

Chukua daftari, andika ufunguzi wako hadi hatua ya kumi, na mbele ya kila hatua andika sentensi moja yenye neno "ili". Hatua itakayokosa sentensi, usiicheze kwenye mashindano hadi umeipatia sababu yake.