Feza yenye skochi: namna ya kuandika mwisho wa filme fupi

Mu mwaka 1962 Mfaransa mmoja, Robert Enrico, alipata zawadi kubwa ya filme fupi kule Cannes kwa filme yake La Rivière du hibou. Mtu amesimama juu ya daraja, kamba iko mu shingo, wasoda wanataka kumnyonga. Kamba inakatika. Anaanguka mu maji, risasi zinamkosa, anakimbia pori nzima mpaka anaona bibi yake. Pale anapotaka kumkumbata, shingo yake inavutwa nyuma: kamba haikukatika hata kidogo. Safari yote ilikuwa mu kichwa chake, kitambo kile cha kuanguka.

Mbona watu hawakusema wamedanganywa? Ni kwa sababu Enrico aliwaambia mbele. Kisha kutoka mu maji, yule mtu anasikia sauti za wasoda zinakuwa nzito na za polepole. Anaangalia majani na buibui kama mtu mwenye nafasi, na huku wanampiga risasi. Anakimbilia bibi yake, anakimbia tena, na hafiki. Sisi wenyewe tulijijibu: amechoka, ameogopa. Tuliona yote, tukayapa maana ingine.

Basi tujaribu kuandika yetu, ya dakika kumi hivi. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa senario unaenda karibu dakika moja, maana yake tuko na kurasa kumi tu. Tusichukue watu zaidi ya wane: baba, mama, mtoto wao wa kiume, na rafiki wa baba wa kazini. Baba alifukuzwa kazi zamani kidogo, kampuni ndogo yenye kulipa mu mkono. Anaona haya kusema. Kila asubui anavaa kofia ya kazi, anatoka, na mwisho wa mwezi analeta «mshahara» alioukopa kwa rafiki. Mwisho usiotazamiwa ni huu: mama anajua tangu siku ya kwanza, na feza ile ya rafiki inatoka kwake, mu makala anayouzisha mbele ya nyumba.

Mwisho njo unaandikwa wa kwanza. Ukiuanza mbele bila kuujua, utafika ukurasa wa tisa na kulazimisha rafiki aeleze yote kwa maneno. Hiyo ni kosa ninaloona mara nyingi: mtu mmoja anasimama na kuhubiri siri. Picha yetu ya mwisho iwe bila neno: mama anahesabu mshahara, anafika kwa noti moja yenye skochi, anasimama kidogo, anaiingiza mu kopo lake la makala. Filme inakatika pale.

Kwa ile noti kusema peke yake, lazima mtazamaji awe ameiona mbele. Hapa kazi inakuwa nguvu. Ukiiweka kamera karibu na noti mu sini ya kwanza, kila mtu atajua: «Ile noti itarudia.» Inafaa noti iwe na kazi ingine pale. Tuiandike kama ugomvi wa kuchekesha. Mnunuzi wa makala analeta noti iliyopasuka katikati, imeshikwa na skochi.

— Mama, hii ni feza ya muzuri, iko na skochi tu.

— Nani atanipokelea hiyo?

Mtoto anainyakua, anaiinua juu ya jua: «Mama, angalia, jua linapita!» Watu wanacheka. Mama anasema: «Leta. Tutaona mwenye kuikatala.» Anapatia mnunuzi makala, lakini anapunguza kidogo mu ndoo, na mnunuzi anaguna. Mtazamaji anakumbuka ule ujanja wa ndoo; noti imelala chini ya kicheko. Na ona: ni mkono wa mtoto ulioionyesha, hapana kamera. Tena ugomvi hauishi na noti, unaishi na ndoo. Kitu kinachokuja mwisho wa sini kinabaki mu macho. Kile cha katikati kinapita polepole.

Kisha noti, chumvi. Mama anapika, anachukua chumvi mu kopo, anatia mu sombe. Sini moja mbele, jioni, anamwambia baba: «Naenda kuomba chumvi kwa bibi ya rafiki yako.» Anarudi mikono mitupu, na anaanza kusema habari ya mtoto wa jirani aliye na homa. Mara ya kwanza nilimwandikia mtoto aseme: «Lakini chumvi iko!» Ilikuwa mbaya sana. Neno lile moja lilifungua filme yote. Nikalifuta, nikaacha kopo juu ya meza, wazi, kila mtu analiona.

Ya tatu ni viatu vya kazi. Mama anavigonga kimoja juu ya kingine, kama alivyozoea zamani, kutosha matope. Hakuna kinachoanguka. Anaviangalia, anavipanga karibu na mlango. Mtazamaji wa kwanza anasema: mama wa watu amechoka. Mtazamaji anayerudia filme anasema: hapa alijua. Angalia usilazimishe: mama akiwa peke yake, hana haki ya kujifanya. Ukimwonyesha anaombea baba «arudie salama toka shimo», na hakuna mtu anayemsikia, umemdanganya mtazamaji, hata ukiweka alama mia.

Kuna kitu kimoja tena kinachosaidia kuficha: patia mtazamaji siri ndogo aishike. Pale ukurasa wa nne tunamwonyesha baba ameketi chini ya muti, kofia juu ya magoti, anangoja saa ya kurudi. Sasa mtazamaji anajiona mwenye akili. Anajua kitu ambacho mama hajui. Kurasa zote zinazobaki anaogopa siku mama atajua. Kwa sababu anangoja hiyo, hatafuti ingine. Ukurasa wa saba rafiki anamkopesha feza, anamhesabia mbio nyuma ya ukuta. Noti yenye skochi inaweza kuonekana mu mkono wake nusu sekonde, ama isionekane. Mimi ningeiacha isionekane. Ile njia mtazamaji anaifunga mwenyewe: makala, chumvi, rafiki, baba, mama.

Mbele ya kuomba mtu simu ya kupigia picha, jaribu senario kwa watu wawili watatu wasioijua. Soma mpaka ukurasa wa nane, funga, uliza: «Nini itatokea?» Wakisema mama anajua, tafuta alama iliyosema sana, mara nyingi ni maneno ya kinywa, hapana kitu. Kisha soma mpaka mwisho na unyamaze. Kama wanauliza «Ile noti ilitoka wapi?», ugomvi wa makala ulikuwa mfupi sana, ama kicheko kiliimeza kabisa. Ukisikia mmoja anasema «Aa, njo maana ya chumvi!» bila wewe kumwuliza, acha ile sini, usiiguse tena.

Mimi nilisomea yangu mama mmoja anayeuzisha makala. Hakushangazwa na mwisho hata kidogo. Aliniambia kitu kimoja tu: mwenye kuuzisha makala vidole vyake ni vyeusi, na noti ile lazima irudie na alama ya kidole. Nimeiandika mu ukurasa wa kumi.