Kwa Nini Tumbo la Mwajuma Liliuma?

Ndugu msomaji, hiki ni kisa cha mfano. Lakini mambo yaliyomo huwapata watoto wengi wa shule. Kisome polepole. Kisha mfikirie mtoto wako.

Mwajuma ana miaka 12. Yuko darasa la tano. Shule iko mbali na kwao. Huondoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 10 jioni.

Mwaka huu Mwajuma alianza kuumwa tumbo. Halikumuuma kila siku. Lilimuuma zaidi baada ya kula. Akawa anakula kidogo na kuacha. Baba yake alidhani ni minyoo. Akamnunulia dawa ya minyoo, lakini tumbo halikupona. Jirani alisema ni chango. Mama akachemsha mizizi. Tumbo likaendelea kuuma.

Siku moja shangazi yake alikuja kuwatembelea. Jioni walikaa wawili uani, wakichambua mchicha. Shangazi alimwona Mwajuma akishika tumbo.

"Mwanangu, tumbo linakuuma wapi?" aliuliza.

"Hapa chini ya kitovu, shangazi. Upande wa kushoto."

"Mara ya mwisho kwenda haja kubwa ilikuwa lini?"

Mwajuma aliinamisha kichwa. Akanyamaza. Shangazi hakumharakisha. Aliendelea kuchambua mboga.

Mwisho Mwajuma akasema, "Siku ya nne leo, shangazi. Nikienda ninaumia sana. Mara nyingine naona damu kidogo."

"Na shuleni huendi chooni?"

"Siendi, shangazi. Mlango hauna komeo. Wavulana hupita wakiusukuma na kucheka. Chini pamelowa na maji ya kunawa hakuna. Kwa hiyo asubuhi sinywi kitu, ili nisibanwe."

Shangazi akasema, "Umefanya vema kuniambia. Hukukosea kitu. Kesho tutakwenda zahanati."

Mganga alieleza nini?

Mganga wa zahanati alimlaza Mwajuma kitandani. Alimbonyeza tumbo taratibu. Upande wa kushoto, chini, alisikia kitu kigumu. Alimweleza shangazi maneno haya:

"Chakula kikishasagwa tumboni, mabaki yake hupita katika utumbo mpana. Kazi moja ya utumbo huo ni kunyonya maji kutoka katika mabaki hayo. Mtoto akizuia haja, kinyesi hukaa humo muda mrefu. Utumbo huendelea kunyonya maji. Kinyesi hukauka na kuwa kigumu. Kikitoka, huchubua njia. Ndiyo maana anaona damu kidogo.

"Mtoto akiumia, huogopa. Akiogopa, huzuia tena. Kinyesi huzidi kuwa kigumu. Siku zikipita, utumbo hutanuka. Hapo mtoto haoni tena dalili ya kubanwa kama zamani. Ndiyo maana hata akifika nyumbani hasikii haja."

Ndugu msomaji, ugonjwa huu huitwa kufunga choo. Watu hawafanani. Mwingine huenda haja kubwa kila siku, mwingine kila baada ya siku mbili. Lakini mtoto akienda chini ya mara 3 kwa wiki, na kinyesi ni kigumu, huyo amefunga choo.

Ipo dalili moja inayowadanganya wazazi wengi. Kinyesi kigumu kikiziba njia, uharo huweza kupenya pembeni yake na kuchafua nguo ya ndani. Wazazi hudhani mtoto anaharisha, au ni mchafu. Wengine humchapa. Mtoto huyo hakufanya kusudi. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha, maana itamfunga zaidi. Mpeleke zahanati.

Na haja ndogo je?

Mganga alimwuliza Mwajuma kama anasikia maumivu akikojoa. Mwajuma alikubali. Mkojo wake ulikuwa na rangi iliyokolea kama chai ya rangi. Ulipopimwa, ulionekana kuwa na vijidudu.

Mkojo hukaa katika kibofu. Mtu akinywa maji na kukojoa mara kwa mara, mkojo huvisukuma vijidudu nje. Mtu asipokunywa maji, na akazuia mkojo saa 10, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. Kwa msichana hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu njia yake ya mkojo ni fupi. Tena kinyesi kigumu hukibana kibofu, kisitoe mkojo wote.

Vijidudu vikipanda hadi kwenye figo, mtoto hupata homa na maumivu ya mgongo chini ya mbavu. Akiwa na dalili hizo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia akitapika huku tumbo limevimba, au tumbo likimuuma sana chini upande wa kulia.

Mwajuma alitibiwaje?

Mwajuma alipewa dawa ya vijidudu na dawa ya kulainisha kinyesi. Mganga alionya kwamba dawa ya kulainisha isiachwe mara tu tumbo linapotulia. Utumbo uliotanuka huchukua wiki nyingi, hata miezi, kurudi katika hali yake. Ukiacha dawa mapema, kinyesi hujaa tena.

Nyumbani mama alibadili mambo matatu.

Kwanza, alimwamsha mapema na kumpa uji. Tumbo likipata chakula, utumbo huanza kusukuma. Kwa hiyo baada ya uji Mwajuma alikwenda chooni na kukaa dakika 5 hadi 10, bila haraka. Alifanya hivyo kila asubuhi, hata asipobanwa.

Pili, alikunywa vikombe 6 hadi 8 vya maji safi kwa siku. Vingine alikunywa shuleni.

Tatu, alikula ugali wa dona badala ya sembe, pamoja na maharage, mchicha na papai. Vyakula hivi vina nyuzinyuzi. Hizo hushika maji na kulainisha kinyesi.

Mama alimkumbusha pia kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma, ili kinyesi kisifike kwenye njia ya mkojo.

Shuleni je?

Shangazi alijua kwamba dawa pekee haitoshi. Mtoto hawezi kuzuia mkojo tangu asubuhi hadi jioni. Yeye na mama walikwenda kwa mwalimu mkuu. Hawakumtaja Mwajuma mbele ya watu. Waliuliza tu habari za vyoo.

Shule ilikuwa na wasichana 160. Matundu yao ya choo yalikuwa 3. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu 1 kwa wasichana 20. Kwa hiyo yalitakiwa matundu 8. Matano yalipungua.

Kujenga matundu matano kulihitaji fedha na muda. Kamati ya shule iliweka jambo hilo katika mpango wake. Lakini kazi nyingine hazikungoja. Fundi alitia makomeo ya mbao kwa ndani katika wiki hiyo hiyo. Paliwekwa ndoo yenye mfuniko, kata na sabuni. Wavulana walikatazwa kupita upande ule. Wasichana walianza kwenda wawili wawili, mmoja akilinda mlango.

Baada ya miezi miwili Mwajuma alikuwa akienda haja kubwa karibu kila siku, bila maumivu. Alipomwona shangazi yake tena, alimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Kisha akamnong'oneza, "Siku hizi ninakunywa maji asubuhi."

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini dawa ya minyoo haikumponya Mwajuma?
2. Kinyesi hukauka kwa sababu gani?
3. Shangazi aliuliza maswali gani ambayo wazazi hawakuuliza?
4. Shule ya kijiji chenu ina wasichana wangapi na matundu mangapi? Je, milango ina makomeo kwa ndani?