Nchi Ndogo, Mzigo Mkubwa: Kuandika Waraka wa Msimamo wa Lebanon

Waraka wa msimamo ni maandishi ya ukurasa mmoja au miwili ambayo mwanafunzi huwasilisha kabla ya mkutano wa kuigiza Umoja wa Mataifa. Humo hueleza nchi aliyopangiwa inalionaje suala lililo mezani, imelifanyia nini hadi sasa, na inataka wajumbe wengine wakubali nini. Ugumu wake ni kwamba anayeandika ni kijana wa Dodoma au Mombasa, lakini anayesema ni serikali ya watu wengine kabisa. Mada ikiwa ni kugawana mzigo wa wakimbizi, na nchi aliyopangiwa ikiwa Lebanon, ugumu huo hujitokeza tangu sentensi ya kwanza.

Lebanon ina ukubwa wa kilomita za mraba 10,452, yaani ni ndogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro. Vita vya Syria vilipoanza mwaka 2011, watu walianza kuvuka mpaka, na Aprili 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, likamwandikisha mkimbizi wa milioni moja kutoka Syria. Nchi yenye raia wasiozidi milioni chache ikawa inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Ulinganisho huo ndio silaha kuu ya nchi ndogo. Ikihesabiwa idadi tupu, Uturuki ilipokea wengi zaidi. Ukiulizwa ni wageni wangapi kwa kila wenyeji mia, Lebanon inashika nafasi ya mbele. Kwa hiyo waraka mzuri hutanguliza uwiano kabla ya jumla.

Takwimu zenyewe zina mtego. Mei 2015 serikali ya Lebanon iliiagiza UNHCR isimamishe kuandikisha Wasyria wapya. Tangu hapo orodha ya shirika hilo haikuweza kuonyesha watu wote waliopo, na serikali ikawa inataja makadirio yake ya milioni 1.5. Mwandishi anayechanganya hesabu hizi mbili katika aya moja atanaswa na mjumbe wa kwanza atakayesimama kuuliza. Dawa yake ni nyepesi: kila tarakimu iandikwe pamoja na jina la aliyeihesabu.

Baada ya takwimu huja sheria, na hapa ndipo waraka mwingi huharibika. Lebanon haijajiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 wala Itifaki yake ya 1967. Serikali hujieleza kuwa si nchi ya kutoa hifadhi ya kudumu, na kwa kawaida huwaita Wasyria hao *nazihun*, watu waliohama makwao, badala ya *laji'un*, wakimbizi. Utangulizi wa katiba yake unakataza kuwapa wasio Walebanoni makazi ya kudumu. Katazo hilo lina historia nzito. Wapalestina waliokimbilia Lebanon mwaka 1948 wakitarajia kurudi upesi, wao na vizazi vyao, bado wapo. Tena madaraka ya nchi hugawanywa kwa madhehebu, na jambo hilo ni nyeti kiasi kwamba sensa rasmi haijafanyika tangu 1932. Kuwapa uraia mamia kwa maelfu ya watu, wengi wao Waislamu wa Kisuni, kungetikisa mgawanyo huo wote.

Mwanafunzi asiyejua hayo huandika hivi: “Lebanon inaamini kuwa kila mkimbizi anastahili uraia na maisha mapya katika nchi iliyompokea.” Ni maneno ya huruma, na pengine ndiyo imani yake mwenyewe, lakini hakuna waziri wa Lebanon ambaye angeyatia saini. Sentensi inayofaa ingesema: “Lebanon imewapokea waliohama kutoka Syria kwa muda, na inaona suluhisho la kudumu kuwa ni kurudi kwao kwa usalama na heshima, au kuhamishiwa nchi ya tatu.” Kosa lingine la kawaida ni kusifu kambi za wakimbizi. Jordan ilifungua kambi ya Zaatari mwaka 2012; Lebanon ilikataa kuwajengea Wasyria kambi rasmi, nao wakapanga vyumba mijini au kujenga mahema katika mashamba ya Bonde la Bekaa. Waraka unaotaja kambi za Wasyria nchini Lebanon unakuwa umeiazima sura ya jirani.

Kutokuwa mwanachama wa mkataba hakuiachi nchi bila hoja. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Makubaliano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi Desemba 2018. Hayaifungi nchi kisheria, lakini lengo lake la kwanza ni kuzipunguzia shinikizo nchi zinazopokea wakimbizi, na mengine ni pamoja na kupanua nafasi katika nchi za tatu na kuandaa mazingira ya watu kurudi kwao. Malengo hayo yanakaribiana sana na madai ya Lebanon, kwa hiyo ndiyo nguzo ya waraka wake.

Sehemu ya mwisho ni mapendekezo, na hapo kilio cha “tumeelemewa” lazima kigeuke ombi linaloweza kupigiwa kura. Pendekezo moja lenye mizizi ni la mikopo. Lebanon ilipangwa katika kundi la nchi za kipato cha kati, hivyo haikustahili mikopo ya riba nafuu ambayo Benki ya Dunia huzipa nchi maskini. Ilitoa hifadhi kwa niaba ya dunia huku ikikopa kwa bei ya kawaida. Mwaka 2016 ulianzishwa mfuko maalumu wa mikopo nafuu, ukianza na Jordan na Lebanon. Mjumbe anaweza kuomba mfuko wa namna hiyo upanuliwe, na sehemu kubwa zaidi ya msaada iwe ruzuku, maana mwaka 2020 Lebanon ilishindwa kulipa madeni yake ya nje. Pendekezo la pili ni shule. Shule za serikali zilifungua zamu ya mchana kwa watoto wa Kisyria, na zamu hiyo huhitaji fedha zilizoahidiwa kwa miaka kadhaa mfululizo, kwa kuwa mtoto hasomi kwa bajeti ya miezi sita. La tatu ni nafasi za kuhamia nchi za tatu, ambazo kila mwaka hupatikana kwa chini ya asilimia moja ya wakimbizi wote duniani.

Azimio la Baraza Kuu hupendekeza tu, halilazimishi. Ndiyo maana vitenzi vyake huwa “linazihimiza” au “linazitaka”, na neno “linaziamuru” halina nafasi. Kudai mgawo wa lazima kwa kila nchi tajiri ni kujitafutia kushindwa: Umoja wa Ulaya ulijaribu mwaka 2015 kugawana wakimbizi kwa lazima, Hungary na Slovakia zikaenda mahakamani, na ingawa zilishindwa kesi, waliohamishwa hawakufika hata theluthi ya 160,000 waliokusudiwa. Ni afadhali kuipa kila nchi uchaguzi kati ya fedha, nafasi za kuhamia na utaalamu. Washirika wa kutafutwa kwanza ni nchi zilizo katika hali kama hiyo, zikiwemo Jordan na Uganda. Hata Tanzania ina neno la kusema, kwa kuwa mwaka 2018 ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa kushughulikia wakimbizi, ikitaja miongoni mwa sababu zake ukosefu wa fedha.

Mjumbe wa Lebanon ajiandae pia kwa swali litakalouma. Mashirika ya haki za binadamu yamelalamikia Wasyria kurudishwa kwa nguvu, na Lebanon, ingawa haimo katika mkataba wa 1951, imo katika Mkataba wa Kupinga Mateso, unaokataza kumrudisha mtu mahali anapoweza kuteswa. Waraka ulio kimya juu ya hilo hupoteza imani ya ukumbi. Tangu serikali ya Bashar al-Assad ianguke Desemba 2024, Wasyria wengi wamerejea kwao, na swali limehamia kwenye masharti ya safari hiyo: nani anathibitisha kuwa mtu ameondoka kwa hiari, na nani anagharimia kuijenga upya nyumba anayoirudia. Waraka ulioandikwa kana kwamba bado ni mwaka 2014 hauwezi kuyajibu hayo. Ulio mpya utaomba UNHCR iruhusiwe kumhoji kila anayerudi kabla ya kuvuka mpaka, na msaada umfuate hadi kijijini kwake.