Watu Watano kwa Siku

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kukodi mashine za hospitali kwa ajili ya kaunti zote 47, hospitali mbili kila kaunti. Baadaye Seneti ilipochunguza mpango huo, ilibainika kuwa baadhi ya mashine zilikaa bila kazi: kwingine hapakuwa na wataalamu, kwingine majengo hayakuwa tayari. Ada ya kukodi, hata hivyo, haikuhesabiwa kwa idadi ya wagonjwa. Ilidaiwa kila mwaka, mashine ikifanya kazi au ikifunikwa kitambaa.

Kliniki ndogo ya binafsi inayotaka kununua mashine ya ultrasaundi hukabili swali hilohilo, kama watakuja watu wa kutosha kuilipia, ila bila hazina ya taifa nyuma yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mashine inauzwa shilingi 2,000,000 za Kenya. Kila anayepigwa picha analipa 1,500, na baada ya kutoa gharama ya jeli, karatasi na malipo ya daktari anayesoma picha, kliniki inabaki na 1,000. Mshahara wa mpiga picha, umeme na matengenezo vinakula 800,000 kwa mwaka, waje watu wasije. Kliniki hufunguliwa siku 300, na mashine inatarajiwa kudumu miaka mitano.

Muuzaji anasema watakuja watu watano kwa siku. Hao ni 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo baada ya gharama inabaki 700,000. Zidisha kwa miaka mitano upate 3,500,000. Toa bei ya mashine, na faida inaonekana kuwa milioni moja na nusu.

Lakini shilingi ya mwaka wa tano si sawa na shilingi ya leo. Ikiwa benki inatoza kliniki riba ya asilimia 18, shilingi itakayopatikana mwakani inahesabiwa kama senti 85 za leo, na ile ya mwaka wa tano kama senti 44 tu. Kila mwaka pato lake hupunguzwa hivyo, kisha yote hujumlishwa. Zile 3,500,000 zinashuka hadi takriban 2,189,000, na faida ya kweli inabaki 189,000. Mradi bado una faida, lakini umeponea chupuchupu.

Sasa tuhoji hao watano. Kliniki mpya ya picha haijai siku ya kwanza. Wakunga na madaktari wa jirani huchukua muda kuanza kuwaelekeza watu huko. Tuseme mwaka wa kwanza wanakuja watatu kwa siku, wa pili wanne, halafu sita kwa miaka mitatu iliyobaki. Wastani ni walewale watano, na jumla ya fedha ni zilezile 3,500,000. Lakini nyingi zinafika mwishoni, zikiwa zimeshapungua thamani. Ukipiga hesabu upya unapata takriban 1,934,000, chini ya bei ya mashine. Mradi uleule, kwa wastani uleule, sasa unakula hasara ya shilingi 66,000 hivi. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu ripoti ya muuzaji hutaja wastani tu.

Bima ikichelewa kulipa, au kile kichwa kinachopitishwa tumboni kikianguka na kupasuka, hali inazidi kuwa mbaya.

Kwa hiyo mwenye kliniki aanze kwa kutafuta idadi inayorudisha mtaji. Katika mfano huu, kama idadi haibadiliki mwaka hadi mwaka, ni picha 1,440 kwa mwaka, karibu tano kwa siku. Wakija wanne tu, hasara inazidi 700,000. Kisha afungue rejista yake ahesabu ni wangapi aliowatuma kupiga picha kwingine katika miezi sita iliyopita. Si wote watakaobaki kwake, lakini daftari hilo lina ushahidi zaidi kuliko ahadi ya muuzaji. Anaweza pia kuhesabu wajawazito watakaokuja kujifungulia kwake kwa sababu ya mashine, mradi asiwahesabu ambao wangekuja hata bila hiyo. Na pengo lisizibwe kwa kuwaandikia watu picha wasizohitaji. Kishawishi hicho kipo kila mahali daktari anapomiliki mashine.

Njia nyingine ni mwenye mashine kuiweka kwenye kliniki na kulipwa kwa kila picha, utaratibu ambao Kenya yenyewe imeuelekea baada ya ule wa ada ya kila mwaka. Kliniki hupata kidogo siku zikiwa nzuri, lakini miaka miwili ya mwanzo haibebi mzigo wa bei ya mashine, na watu wasipokuja inaweza kuirudisha. Kifungu cha kusoma kwanza katika mkataba wa namna hiyo ni kile cha idadi ya chini ya picha kwa mwezi: kama kliniki italipia picha 100 hata ikipiga 60, hatari ya siku tupu imerudi kwake, na hesabu ya watu watatu kwa siku inapaswa kupigwa upya kabla ya kutia sahihi.