Mchuzi wa Papa Ukizidi Chumvi

Mara nyingi vikundi vyetu vinapopika kwa ajili ya mkutano, mchuzi unaoharibika ni ule wa papa mkavu. Mpishi anaonja mapema, anaona chumvi haitoshi, anaongeza. Nusu saa baadaye haulambiki! Sababu ni kwamba chumvi iliyomo ndani ya papa hutoka polepole kadiri anavyochemka. Basi ukigundua, kwanza mtoe papa. Usipomtoa, ataendelea kutia chumvi hata baada ya wewe kurekebisha. Mtie katika maji ya moto yasiyo na chumvi wakati unashughulikia mchuzi.

Wengi hutupia kiazi wakisema kinanyonya chumvi. Kiazi hunyonya mchuzi, yaani maji pamoja na chumvi yake, na yanayobaki sufuriani yana ladha ileile. Chumvi ikishayeyuka haitoki, hupunguzwa makali tu.

Tuseme una vikombe kumi vya mchuzi. Chota vitatu, weka kando, kisha rudishia vikombe vitatu vya tui la pili lisilotiwa chumvi. Hapo umepunguza chumvi kwa sehemu tatu katika kumi, na sufuria haikufurika. Onja. Bado? Rudia kwa kikombe kimoja kimoja. Vile ulivyochota pikia muhogo au kunde siku hiyohiyo, bila kuongeza chumvi.

Angalieni maji ya kukamulia tui. Visima vingi vya visiwani kwetu vina maji ya munyu, na ukitumia hayo unarudisha kile unachokitoa. Tumia maji ya mvua ya jabia, kama yapo.

Wako wanaokamulia ndimu au kutia ukwaju ili chumvi isisikike. Ulimi unadanganyika kidogo, lakini chumvi yote imo, na mwenye presha ataila. Halafu sasa una mchuzi mchachu pia. Uchachu ukizidi, tui zito hulainisha, na sukari nusu kijiko cha chai husaidia. Magadi ya kupikia huua uchachu kweli, lakini yakizidi chembe tu mchuzi unanuka sabuni. Sisi hatuyapendekezi.

Baada ya kuongeza tui jepesi, mchuzi utakuwa maji maji. Usiuchemshe mpaka ukauke! Maji yataondoka, chumvi itabaki, na utakuwa umerudi ulikotoka. Hapa ndipo kiazi kina kazi: chemsha viwili pembeni bila chumvi, viponde, uvikoroge ndani. Mwisho kabisa tia tui zito ambalo halijatiwa chumvi, ukoroge bila kuacha kwa moto mdogo, maana likitokota kwa nguvu hukatika na mafuta yakaelea juu. Ndipo umrudishe papa aliyelowekwa, apate moto tu, na sufuria iepuliwe.

Kwa papa mwenyewe, safari ijayo mloweke usiku kucha, mbadilishie maji mara mbili, na chumvi ya mchuzi isitiwe mpaka ameiva.