Mgonjwa Akiamua Kuondoka

"Mgonjwa amekataa matibabu, ameondoka." Maneno hayo kwenye faili hayasemi aliambiwa nini, wala kama alielewa. Hata sahihi yake chini ya fomu haithibitishi hilo; watu husaini wasichokisoma.

Chukua mfano wa baba mwenye maumivu yaliyoanzia kitovuni yakashuka kulia, na homa. Daktari anashuku kidole tumbo na anataka alazwe. Yeye anataka kwenda nyumbani. Kumbukumbu nzuri ingesomeka hivi:

"Saa 4:20 usiku. Ana akili timamu, anajua alipo. Nimemweleza kwa Kiswahili kwamba kidole tumbo kinaweza kupasuka, usaha ukasambaa tumboni, akafa. Amerudia kwa maneno yake: 'Kikipasuka naweza kufa.' Anaondoka kwa kuwa watoto wako peke yao. Nimependekeza dada yake awachukue, hapatikani. Nimempa dawa, ingawa hazichukui nafasi ya upasuaji. Arudi mara moja akitapika, tumbo likiwa gumu, au maumivu yakipoa ghafla. Ameambiwa anaweza kurudi saa yoyote, na atapokelewa."

Maumivu kupoa ghafla huwadanganya wengi, maana huenda kidole kimeshapasuka.

Sababu ya kuondoka isiachwe: wakati mwingine ndiyo inayotatulika, na mgonjwa akabaki. "Mkaidi" halina kazi hapa. Litamfanya muuguzi wa zamu ijayo ampokee kwa uso mkavu. Akikataa kusaini, hilo nalo liandikwe, pamoja na jina la shahidi. Dawa asinyimwe.